Mipaka ya Tiba Fupi ya Fangasi Ukeni: Dawa ya Dukani Inapotosha na Maambukizi Yanayojirudia Yanapohitaji Tiba ya Muda Mrefu

Ikisiri

Makala hii inafafanua mpaka uliopo kati ya maambukizi ya fangasi ukeni yanayotibika kwa dawa ya dukani na yale yanayohitaji tiba ya miezi kadhaa. Hoja inayojengwa ni kwamba mpaka huo hautokani na nguvu ya dawa, bali na mambo mawili: uhakika kwamba dalili zimesababishwa na fangasi, na idadi ya matukio katika kipindi cha mwaka mmoja. Mwanamke anayerudia tiba fupi mara kwa mara ama anatibu ugonjwa asio nao, ama anazima dalili bila kuwadhibiti fangasi kwa muda wa kutosha. Mfano wa mgonjwa mmoja unatumika kuonesha hatua za uchunguzi, ratiba ya dawa na mambo yanayoweza kubadili ratiba hiyo.

1.0 Utangulizi

Maambukizi ya fangasi ukeni ni miongoni mwa maradhi ambayo mara nyingi mwanamke huyatambua mwenyewe, hujinunulia dawa na kupona bila kuonana na tabibu. Inakadiriwa kuwa wanawake takribani 75 kati ya kila 100 hupata maambukizi haya angalau mara moja maishani, na takribani 40 hadi 45 huyapata mara mbili au zaidi. Kwa wengi wao tukio moja halihusiani na jingine, nalo huisha kwa tiba ya siku chache.

Nchini Tanzania, hatua ya kwanza ya mgonjwa mara nyingi huwa ni duka la dawa lililo karibu na nyumbani kwake. Mpango wa Maduka ya Dawa Muhimu ulioanzia mkoani Ruvuma mwaka 2003, ukilenga kuchukua nafasi ya maduka ya dawa baridi, ulisogeza huduma hiyo hadi vijijini. Manufaa yake ni dhahiri. Hata hivyo, urahisi wa kununua dawa umezaa swali ambalo mtoa dawa na mgonjwa hulazimika kulijibu pale pale dirishani: je, safari hii dawa hii inatosha? Makala hii inajibu swali hilo kwa kuanza na kinachotokea ukeni, kisha tukio jepesi, na hatimaye maambukizi yanayojirudia.

2.0 Fangasi kama mkaazi na fangasi kama ugonjwa

Visababishi vya maambukizi haya ni fangasi wa jamii ya Kandida. Aliye mkuu miongoni mwao ni Kandida albikansi, anayepatikana kwa wagonjwa walio wengi. Wengine, hususan Kandida glabrata, huonekana kwa nadra zaidi, lakini umuhimu wao huongezeka maambukizi yanapojirudia.

Jambo la msingi kulifahamu ni kwamba kuwapo kwa Kandida ukeni si ugonjwa. Wanawake 10 hadi 20 kati ya kila 100 walio katika umri wa kuzaa huwa nao bila dalili yoyote, na hawahitaji tiba. Ugonjwa huanza fangasi wanapoongezeka, Kandida albikansi anapotoa nyuzi zinazopenya tabaka la juu la ngozi laini ya uke, na mwili unapojibu kwa uvimbe na wekundu. Muwasho, maumivu wakati wa kukojoa au kujamiiana, na uchafu mweupe mzito unaofanana na maziwa yaliyoganda, yote hayo hutokana na mwitiko huo.

Mambo yanayochochea hali hiyo yanafahamika. Viuavijasumu hupunguza bakteria walinzi wa uke. Ujauzito huongeza homoni ya estrojeni, ambayo huwastawisha fangasi. Kisukari kisichodhibitiwa na upungufu wa kinga, ukiwamo ule unaotokana na VVU, nao huwafungulia mlango. Hata hivyo, wanawake wengi wenye maambukizi yanayojirudia hawana hata kimojawapo cha vichochezi hivi. Kwao, maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba ngozi ya uke huwa nyepesi mno kujibu kiasi cha fangasi ambacho mwanamke mwingine angekibeba bila kuhisi lolote.

3.0 Tukio jepesi: dawa ya dukani inapotosha

Tukio huhesabiwa kuwa jepesi iwapo masharti manne yametimia kwa pamoja. Kwanza, hutokea kwa nadra. Pili, dalili zake ni za wastani, bila uvimbe mkubwa wala michubuko. Tatu, kisababishi kinadhaniwa kuwa ni Kandida albikansi. Nne, mwanamke si mjamzito, hana kisukari kisichodhibitiwa wala upungufu wa kinga. Sharti moja likikosekana, tukio hilo si jepesi tena, hata kama muwasho wenyewe ni mdogo.

Kwa tukio jepesi, dawa za kundi la azoli zinazowekwa ukeni zinatosha. Klotrimazoli, ambayo ndiyo iliyozoeleka zaidi, hutolewa kama kidonge cha ukeni cha miligramu 500 kwa usiku mmoja, au miligramu 200 kwa usiku tatu mfululizo, au miligramu 100 kwa usiku sita au saba. Kidonge huingizwa ndani kabisa wakati wa kulala ili kisitoke mapema. Flukonazoli ya kumeza, miligramu 150 mara moja, hufanya kazi kwa kiwango kinacholingana na hicho. Kati ya wagonjwa 100 wanaomaliza dozi, 80 hadi 90 hupona. Muwasho huanza kupungua katika siku mbili au tatu za mwanzo, nao unapaswa kuwa umekwisha baada ya wiki moja hivi.

Mtumiaji wa dawa za ukeni anapaswa kuelezwa kwamba mafuta yaliyomo katika krimu na vidonge vingi hudhoofisha mpira wa kondomu. Kuhusu mwenzi wake, tiba hutolewa pale tu anapokuwa na dalili, kama vile muwasho na vipele kwenye kichwa cha uume. Kumtibu mwenzi asiye na dalili hakujaonekana kumpunguzia mwanamke matukio ya baadaye.

4.0 Udhaifu wa kujitambua kwa dalili

Tiba ya dukani husimama juu ya dhana kwamba mwanamke ameutambua ugonjwa wake kwa usahihi. Dhana hiyo ilipimwa nchini Marekani na Ferris na wenzake (2002), waliowachunguza wanawake 95 waliokuwa wamenunua dawa ya fangasi kwa ajili ya kujitibu. Ni asilimia 33.7 tu kati yao waliokuwa na maambukizi ya fangasi pekee. Waliosalia walikuwa na vajinosisi ya bakteria, au mchanganyiko wa maambukizi, au ugonjwa mwingine, na baadhi yao hawakuwa na maambukizi yoyote.

Matokeo hayo yanaeleweka mtu akizingatia dalili zenyewe. Muwasho si mali ya fangasi pekee. Huletwa pia na trikomona, na mzio wa sabuni, pamba za hedhi au manukato, na hata na magonjwa ya ngozi ya mashavu ya uke. Dalili zenye uzito katika kutofautisha ni harufu na rangi. Uchafu wa fangasi kwa kawaida hauna harufu kali. Harufu ya shombo ya samaki huelekeza kwenye vajinosisi ya bakteria, na uchafu wa rangi ya njano au kijani wenye mapovu huelekeza kwenye trikomona. Klotrimazoli ya dukani haiondoi vajinosisi ya bakteria, wala si tiba ya trikomona.

Kwa hiyo, mtoa dawa hana budi kumwelekeza mteja kituo cha afya badala ya kumuuzia dawa iwapo hili ni tukio lake la kwanza na halijawahi kuthibitishwa, au iwapo ana maumivu ya chini ya kitovu, homa, vidonda, damu isiyo ya hedhi au harufu mbaya. Ishara nyingine mbili huhusu historia ya tiba: dalili zilizobaki baada ya dozi kukamilika, na dalili zilizorejea ndani ya miezi miwili. Ishara hizi mbili za mwisho ndizo hupuuzwa zaidi, kwa sababu mteja mwenyewe huziona kama hoja ya kununua dozi nyingine.

5.0 Maambukizi yanayojirudia

5.1 Fasili na uthibitisho

Mwongozo wa mwaka 2021 wa Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani unayaita maambukizi kuwa ni yanayojirudia pale mwanamke anapopata matukio matatu au zaidi yenye dalili ndani ya mwaka mmoja. Miongozo mingine hutumia matukio manne. Tofauti hiyo ya hesabu ni ndogo ikilinganishwa na jambo ambalo miongozo hiyo inakubaliana: matukio yasihesabiwe kwa kauli ya mgonjwa peke yake, bali yathibitishwe kwa vipimo.

Kipimo cha kwanza ni pH ya uke. Katika maambukizi ya fangasi pH hubaki katika kiwango cha kawaida, yaani 4.5 au chini yake. Ikizidi hapo, vajinosisi au trikomona hushukiwa. Kipimo cha pili ni kuangalia majimaji ya uke kwa hadubini baada ya kuyachanganya na potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10, ambayo huyeyusha seli za mwili na kuacha nyuzi za fangasi zikionekana. Udhaifu wa kipimo hiki ni kwamba hukosa wagonjwa wengi, pengine nusu yao. Zaidi ya hayo, Kandida glabrata hatoi nyuzi. Huonekana kama seli ndogo za mviringo ambazo mpimaji huweza kuzipita bila kuzitambua.

Kwa sababu hiyo, kipimo cha tatu, yaani kuotesha fangasi maabara, ndicho chenye uamuzi katika maambukizi yanayojirudia, kwa kuwa hutaja spishi. Hata hivyo, jibu lake lazima lisomwe pamoja na dalili. Fangasi walioota kwa mwanamke asiye na dalili ni wakaazi tu. Hali kadhalika, iwapo mwanamke ana muwasho mkali lakini fangasi hawaoti, naye hajatumia dawa yoyote kwa siku za karibuni, kisababishi kingine hakina budi kutafutwa.

5.2 Mantiki ya awamu mbili

Tiba fupi inapokosa kuzuia matukio kurudi, watu wengi hudhani kwamba fangasi amekuwa sugu. Kwa Kandida albikansi, usugu upo na umeripotiwa, lakini si maelezo ya kawaida. Mara nyingi dawa hupunguza fangasi hadi dalili zikatoweka, ila wachache husalia. Dawa inapoondoka, hao hao huongezeka upya. Ndiyo maana dozi kubwa zaidi ya siku moja haibadilishi mwenendo wa ugonjwa. Kinachobadilisha ni muda.

Tiba hugawanywa katika awamu mbili. Awamu ya kwanza ni ya kuangamiza: flukonazoli miligramu 150 siku ya 1, ya 4 na ya 7, au dawa ya ukeni kila usiku kwa siku 7 hadi 14. Nafasi ya siku tatu kati ya dozi inatokana na tabia ya flukonazoli yenyewe, ambayo hudumu katika majimaji ya uke kwa takribani saa 72. Awamu ya pili ni ya kudumisha: flukonazoli miligramu 150 mara moja kwa wiki kwa miezi sita. Asiyeweza kumeza flukonazoli huweza kutumia kidonge cha ukeni cha klotrimazoli, miligramu 500, mara moja kwa wiki.

Ushahidi mkuu wa mpango huu ni utafiti wa Sobel na wenzake (2004) uliowahusisha wanawake 387 waliokuwa wamepona katika awamu ya kwanza. Baada ya miezi sita, asilimia 90.8 ya waliotumia flukonazoli kila wiki walikuwa hawajapata tukio jipya, ikilinganishwa na asilimia 35.9 ya waliopewa dawa bandia. Dawa ilipositishwa, tofauti ilipungua: katika mwezi wa kumi na mbili waliobaki salama walikuwa asilimia 42.9 dhidi ya 21.9. Takwimu hizi zinasema mambo mawili ambayo hayana budi kumfikia mgonjwa kabla ya kuanza. Dawa hudhibiti ugonjwa vizuri kwa muda wote inapotumika. Lakini zaidi ya nusu ya wanawake hupata tukio jingine ndani ya nusu mwaka baada ya kuiacha.

6.0 Mfano wa mgonjwa

Mfano ufuatao ni wa kutungwa kwa ajili ya ufafanuzi. Mwanamke wa miaka 29 anafika kituo cha afya mwezi Oktoba. Mwezi Januari alitumia kidonge kimoja cha klotrimazoli cha miligramu 500, akapona. Mwezi Mei dalili zilirudi. Akarudia dozi ile ile, akapona. Mwezi Agosti alitumia dozi ya usiku tatu. Safari hii muwasho umerejea baada ya wiki sita, naye hajatumia dawa yoyote. Rafiki yake amempa krimu iliyochanganywa na steroidi, lakini hajaianza.

Historia hii peke yake inamwondoa katika kundi la tukio jepesi: ana matukio manne ndani ya miezi kumi, na la mwisho limetokea kabla ya miezi miwili kutimia. Hata hivyo, hakuna tukio lililothibitishwa, hivyo bado haijajulikana kama yote yalikuwa ya fangasi. Tabibu anamchunguza kwa kutumia kifaa cha kupanulia uke na kukuta wekundu na uchafu mzito mweupe usio na harufu. Hakuna vidonda wala ngozi iliyopauka. pH ni 4.0. Hadubini inaonesha nyuzi. Sampuli inapelekwa kuoteshwa, na mgonjwa anapimwa sukari, VVU na ujauzito. Krimu yenye steroidi anashauriwa kuiacha, kwani hutuliza muwasho huku ikificha ugonjwa na kuidhoofisha kinga ya mahali hapo.

Kwa kuwa nyuzi zimeonekana, hakuna haja ya kumchelewesha hadi jibu la kuotesha litoke. Kipimo cha ujauzito ni hasi, hivyo anameza flukonazoli miligramu 150 siku ya Jumatatu, Alhamisi na Jumapili. Jibu linapotoka linataja Kandida albikansi; sukari ni ya kawaida na VVU hakuna. Dalili zikiwa zimekwisha, anaanza dozi ya kila Jumapili kwa wiki 26. Kwa jumla atameza vidonge 29. Kuchagua siku moja ya wiki si jambo dogo, kwa sababu tiba hii huharibika zaidi kwa kusahauliwa kuliko kwa udhaifu wa dawa: mgonjwa asiyewashwa huona hana sababu ya kumeza.

Kabla ya kuondoka anaulizwa maswali mawili. La kwanza ni dawa nyingine anazotumia. Flukonazoli huongeza nguvu ya warfarini hadi kuhatarisha kutokwa damu, na rifampisini ya kifua kikuu hupunguza kiwango cha flukonazoli mwilini. La pili ni uzazi wa mpango, kwa kuwa flukonazoli haifai kwa mjamzito, na miezi sita ni muda mrefu wa kuachia bahati.

7.0 Mambo yanayobadili ratiba

Tuseme mgonjwa huyo huyo angekuwa mjamzito. Flukonazoli ingeondolewa, na dawa ya azoli ya ukeni ingetolewa kwa usiku saba, si mmoja. Dozi fupi haitoshi katika ujauzito, kwa sababu kichochezi, yaani wingi wa estrojeni, kingali kipo.

Tuseme badala yake jibu la maabara lingetaja Kandida glabrata. Spishi huyu huitikia flukonazoli kwa udhaifu, hivyo miezi sita ya dozi za kila wiki ingekuwa kazi bure. Hatua ya kwanza ni azoli nyingine, isiyo flukonazoli, kwa siku 7 hadi 14. Ikishindikana, hutumika asidi ya boriki, miligramu 600 katika kapsuli ya jelatini, inayowekwa ukeni mara moja kwa siku kwa wiki tatu. Kapsuli hii hufanana na dawa ya kumeza ilhali ni sumu ikimezwa. Haifai kwa mjamzito, na haina budi kuwekwa mbali na watoto.

Hali ya tatu ni dalili kurejea katikati ya awamu ya kudumisha, tuseme wiki ya kumi. Hapo dozi haiongezwi kwa kubahatisha. Kwanza huulizwa kama kuna wiki zilizorukwa. Kisha sampuli huoteshwa upya, na pale maabara inapoweza, usikivu wa fangasi kwa dawa hupimwa. Dalili zikirejea baada ya miezi sita kukamilika, tukio huthibitishwa tena kabla ya mpango wa awamu mbili kuanzishwa upya.

8.0 Hitimisho

Makala imeonesha kuwa dawa ya dukani ni tiba kamili kwa mwanamke asiye mjamzito, mwenye afya, aliyewahi kuthibitishwa kuwa na fangasi, na ambaye dalili zake za wastani zimerejea baada ya muda mrefu. Kwake yeye, kulazimisha vipimo ni kumpotezea muda na fedha. Hali ni tofauti kwa mwanamke anayenunua dozi ya tatu ndani ya mwaka mmoja, au ya pili ndani ya miezi miwili. Huyo anahitaji jina la kisababishi kabla ya dawa nyingine. Na iwapo kisababishi ni Kandida albikansi, anahitaji tiba inayoangamiza kwanza na kudumisha baadaye. Kwa muktadha wa Tanzania, mahali ambapo mpaka huu unaweza kutambuliwa mapema zaidi ni dirisha la duka la dawa, kwa maswali mawili tu: dozi ya mwisho ilinunuliwa lini, na hii ni ya ngapi mwaka huu?